Moshi wa maranda: kuanza mkaa mbadala Mafinga kwa shilingi 80,000

*Shikamoo mtaalamu. Nina genge la mboga hapa Mafinga na akiba ya shilingi 80,000. Mashine za dingdong za kupasua magogo zinatupa maranda bure, na shule ya jirani inanipa karatasi na maboksi. Nililoweka karatasi, nikachanganya na maranda, nikafinyanga matonge, yakakauka vizuri kabisa. Nilipoyawasha kwenye jiko la mkaa moshi ulitufukuza ndani, na majirani niliowagawia wameyarudisha. Hapa kwetu mkaa wa kawaida sado ni 1,500. Nimekosea wapi? Na kwa hela hii inawezekana, au nikope ninunue mashine?*

Marahaba, dada. Ufinyanzi wako hauna kasoro. Tonge la karatasi na maranda likikauka likawa gumu, umelifanya sawasawa. Tatizo ni kwamba ulichotengeneza ni kuni, na ukakiweka kwenye jiko la mkaa.

Mti wowote ukipata moto hutoa kwanza maji, halafu moshi mzito wenye utomvu na gesi, na mwisho kabisa hubaki kaa jekundu. Mkaa wa gunia ulishatoa moshi wake huko porini kwenye tanuri, ndiyo maana unauwasha nyumbani bila kulia machozi. Maranda yako bado yana moshi wote ndani, tena ya paini, mti wenye utomvu mwingi. Kwenye mafiga moshi huo ungepata nafasi ya kushika moto na kuwa mwali. Jiko la mkaa ni fupi, sufuria imekaa karibu na kaa, mwali hauna pa kuchezea, kwa hiyo moshi unatoka mbichi. Kuongeza karatasi hakusaidii chochote, kwa sababu karatasi nayo ni mti. Wala kukausha zaidi hakusaidii, maana kukausha kunaondoa maji tu.

Kwa hiyo una njia mbili. Unaweza kuuza matonge hayo hayo kwa wanaopikia kuni, wapika pombe na mama lishe wenye mafiga nje, lakini hapo unashindana na mabanzi, na Mafinga mabanzi hayajawahi kuwa bidhaa adimu. Sikushauri. Njia ya pili ni kuyachoma maranda kwanza yawe mkaa wa unga, kisha uufinyange kwa uji wa muhogo. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye jiko la jirani yako, na ndiyo nitakayoieleza. Karatasi zako usizitupe, nitazirudia huko mbele.

Kabla ya moto, chagua maranda. Dingdong wana msumeno mnene, kwa hiyo maranda yao ni ya chenga kubwa, afadhali kuliko unga laini wa karakana yenye msumeno mwembamba. Unga laini ukirundikwa unashikana, hewa haipiti, na katikati unabaki na rangi ya kahawia hata uchome siku nzima. Changanya ndoo moja ya maranda ya dingdong na ndoo moja ya maranda ya randa, yale yaliyojikunja kama nywele kutoka kwa seremala. Hayo ndiyo yanaacha njia ya hewa.

Kuna maranda usiyaguse hata ukilipwa. Wilaya yenu ina viwanda vya kutia dawa nguzo za umeme na za uzio. Kipande chenye rangi ya kijani kibichi kisicho cha mti, au cheusi chenye harufu ya lami, kimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na mojawapo ya dawa hizo ina sumu ya aseniki. Kuchoma hakuiondoi, nyingine inapanda na moshi na nyingine inabaki kwenye mkaa na majivu, karibu na chakula cha mtu. Mabaki ya plaiwudi na mbao za kubandika kwa gundi nayo achana nayo. Chukua pale pale linapopasuliwa gogo, ukiona kwa macho yako.

Sasa kausha. Maranda yaliyotoka kwenye gogo bichi la paini, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiyachoma hivyo, moto unatumia nguvu yote kuchemsha maji na wewe unakaa kwenye moshi mweupe mpaka jioni. Yaanike juu ya turubai unene wa vidole vinne, uyageuze mara mbili kwa siku, mpaka ukishika konzi na kulibana lisishikane, lichuruzike kati ya vidole kama mchele. Magunia 5 yaliyoshindiliwa ya maranda makavu yanakaribia kilo 100. Ukichoma vizuri yatakupa kama kilo 20 za mkaa wa unga, ambazo zinajaza takriban gunia moja. Yaani matano yanazaa moja. Anayekuahidi zaidi ya robo anakupimia na maji au na maranda ambayo hayajaiva.

Kuchoma kwenyewe kunahitaji debe na bomba. Tafuta debe kuukuu la bati la lita 20, litoboe matundu ya ukubwa wa penseli pande zote, likate kitako, na mdomoni fundi bati akuwekee bomba la moshi la urefu wa mita moja na nusu, upana wa kiganja. Kwenye uwanja mgumu tandika mabati chakavu mawili. Washa moto wa vijiti ukolee, ufunike kwa debe lako, bomba likiwa juu. Kisha rundika maranda kulizunguka debe mpaka yalizidi kimo kwa shibiri moja, bomba likichungulia nje. Bomba linavuta hewa, joto linatoka kwenye matundu, na maranda yaliyo karibu na debe yanaanza kuwa meusi. Weusi huo unatambaa kwenda nje polepole kama maji yanavyolowesha kitambaa.

Utakaa kama saa moja au mbili bila kuona kitu zaidi ya moshi. Ukiona madoa meusi yametokeza juu ya rundo, chukua beleshi, vuta maranda ya kahawia yaliyo chini pembeni, uyapandishe juu ya weusi. Fanya hivyo kila baada ya dakika 15 au 20. Usiondoke kwenda sokoni. Kazi yote, kwa magunia 5, ni saa 5 au 6 za kusimama.

Moshi ndio saa yako. Mwanzoni ni mweupe na mzito, ni mvuke. Baadaye unageuka wa manjano na unauma macho. Hapo ndipo mkaa unapopikwa. Ukipungua ukawa mwembamba wa bluu, mkaa umeshaiva na sasa umeanza kuungua wenyewe. Hapo usisubiri kipande cha mwisho cha kahawia kiwe cheusi, maana ukikisubiri utapoteza vingi vilivyoiva. Kila sehemu ya kijivu unayoiona ni mkaa uliogeuka majivu. Ondoa debe, tandaza rundo, mwagia maji ukigeuza kwa beleshi. Andaa ndoo 3 za lita 20 kabla hujawasha, usianze kutafuta maji wakati huo.

Nikuambie lililonipata mimi mwaka wangu wa kwanza. Nilimwagia maji, nikaona mvuke umekwisha, nikashika juu pamepoa, nikafunga kwenye gunia jioni na kuliweka stoo. Alfajiri nilikuta majivu, na ukuta wa mbao wa stoo umeungua hadi usawa wa kiuno. Mkaa wa unga hutunza cheche ndani, na hewa ikiingia usiku inaamka. Tangu siku hiyo nautandaza unene wa vidole viwili, ulale nje kwenye mabati usiku kucha, na kesho yake naingiza mkono mpaka chini kabla ya kufunga. Nawe uko kwenye mji uliozungukwa na msitu wa kupandwa wa Sao Hill. Miezi ya kiangazi yenye upepo usichome kandokando ya miti wala karibu na rundo la maranda la mwenye mashine. Mwombe ruhusa, fyeka na safisha pande zote, chomea mbali na nyumba za watu. Moshi ule wa manjano hakuna jirani atakayeuvumilia mara mbili.

Kwa nini mabati chini? Kwa sababu ya mchanga. Ukikusanya mkaa kutoka kwenye udongo kwa beleshi unachota na mchanga, na mchanga hauungui. Tonge lenye mchanga linawaka vizuri kwa robo saa, halafu linajifunika koti la majivu na kuzimika huku ndani bado jeusi. Wateja husema mkaa wako "unalala". Wengi hudhani uji ni mwingi, wanapunguza uji, na tonge linakuwa bovu zaidi.

Sasa uji. Uzuri wa mkaa wa maranda ni kwamba tayari ni chenga, huhitaji kinu. Pitisha tu kwenye chekeche la wavu wa dirishani na yaliyobaki uyasugue kwa mkono. Uanike ukauke ili mizani ikuambie ukweli. Kwa kilo 20 za mkaa mkavu chukua kilo 1 na robo ya unga wa muhogo, na ule ulioingia wadudu unafaa pia kwa bei ya chini. Koroga kwenye lita 2 za maji baridi, mimina kwenye lita 10 za maji yanayochemka, koroga mpaka uache weupe na ung'ae kama gundi. Usipong'aa haujaiva, na unga usioiva haushiki kitu. Umimine ungali moto kwenye mkaa, changanya kama unavyokanda chapati, ukiongeza maji kidogokidogo. Kipimo ni konzi: bana tonge, lisitoe maji kati ya vidole, liachie lianguke kutoka kiunoni, lisivunjike vipande. Likipasuka, ongeza uji, usiongeze maji.

Watu watakuambia utie udongo wa mfinyanzi badala ya muhogo kwa kuwa ni bure. Unashika, ni kweli, na moto wake unakwenda taratibu. Lakini udongo wote unaoutia utarudi kama majivu kwenye jiko la mteja. Mimi siuweki kwenye mkaa wa kuuza. Ukilazimika muhogo unapopanda bei, usizidishe kilo 1 kwa kilo 20.

Finyanga kwa mkono matonge yanayozidi kidogo ukubwa wa yai la kuku. Usivutiwe na yale makubwa ya ngumi. Makubwa hukauka nje huku ndani yakibaki mabichi, na kwenye jiko dogo hayapangiki. Tonge moja likikauka lina gramu 60 hivi. Siku ya kwanza yaweke kivulini kwenye kichanja, siyo kwenye jua kali, maana nje ikiwahi kusinyaa kabla ya ndani yanapasuka. Kuanzia siku ya pili yape jua. Kiangazi siku 4 au 5 zinatosha, lakini Juni na Julai kwa baridi na ukungu wa Mafinga hesabu wiki nzima. Kujua yamekauka, pima 10 kwenye mizani ya duka leo na kesho; uzito usipobadilika, tayari. Au gonganisha mawili: makavu yanalia kama kokoto, mabichi yanatoa sauti ya kitambaa. Mengi ya malalamiko ya moshi kwenye mkaa mbadala uliochomwa vizuri ni maji tu. Mtu ameuza siku ya pili kwa sababu anahitaji hela ya unga.

Kabla hujauza hata tonge moja, fanya jaribio mwenyewe, la kuandika kwenye daftari. Jiko lile lile, sufuria ile ile na mfuniko wake, maji lita 2. Siku moja nusu kilo ya mkaa wa kawaida, siku ya pili nusu kilo ya wako. Andika dakika za kuchemka, dakika ambazo maji yaliendelea kuchemka, na majivu yaliyobaki. Utakuta wako umechelewa kuchemsha lakini umekaa zaidi, na majivu ni mengi zaidi. Hayo ni ya kawaida. Kisicho cha kawaida ni moshi baada ya robo saa, ambao maana yake ni maranda yaliyobaki ya kahawia, au kuzimika kabla haujaisha, ambako maana yake ni mchanga na majivu. Ukiona mojawapo, rudi kwenye kuchoma, usirudi kwenye ufinyanzi.

Jaribio hilo ndilo litakalokuambia umuuzie nani. Mkaa wa namna hii haumfai mtu wa chai ya asubuhi anayetaka moto wa haraka na kutoka. Unamfaa anayepika maharage, makande, supu ya mifupa. Hivyo usianze na majirani wote. Tafuta watu watano wanaochemsha maharage, wakiwemo wauza supu wawili kama wapo stendi, uwape matonge 9 kila mmoja bure, na uwepo wanapowasha. Uwepo wako ni muhimu kuliko yale matonge, kwa sababu huu mkaa hauwashwi kama ule. Unaweka chini mkaa wa kawaida wa kujaza kiganja, ukishika unapanga matonge juu yenye nafasi katikati, na ukishawaka usiuchokoe. Kwa mkaa wa kawaida tumezoea kutikisa jiko na kuchokoa kwa kijiti. Ukichokoa tonge lililoiva kwa moto linamomonyoka, majivu yanaziba matundu, na mteja anasema umemuuzia udongo.

Na jambo moja uliseme kila unapouza, hata kama mteja anajua. Usikubali mtu alale na jiko hili ndani. Kwenye baridi yenu watu huingiza jiko chumbani, wakafunga dirisha. Mkaa usio na moshi unatoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, sawa na mkaa wa kawaida, na kwa kuwa wako haumlizi mtu machozi, anaweza kudhani ni salama zaidi. Kuumwa kichwa na kizunguzungu ndani ya chumba chenye jiko ni dalili ya kutoka nje mara moja.

Sasa bei, na hapa ndipo wengi huliwa bila kujua. Sado la mkaa wa kawaida, kwa kuwa vipande vina mapengo na mkaa wenyewe ni mwepesi, lina kama kilo 1 na robo. Sado la matonge yako ni zito zaidi, linaweza kukaribia kilo 1 na robo tatu. Ukisema "nauza sado 1,500 kama wengine," umempa mteja nusu kilo zaidi bila kuipigia hesabu. Na kwa upande mwingine, ukimwambia mama wa nyumbani bei ya kilo, hatakuelewa, kwa sababu hajawahi kununua mkaa kwa mizani. Uza kwa fungu la idadi. Kwa bei ya kwenu, mtu mwenye 500 anapata mkaa wa kawaida kama gramu 400. Wewe mpe matonge 9, yaani gramu 540 hivi. Ziada hiyo siyo ukarimu; kilo ya mkaa wako ina joto pungufu kwa sababu ya majivu na wanga, na ukitoa 400 kama wengine maharage yake yatabaki mabichi na hatarudi.

Tufanye hesabu ya uchomaji mmoja. Kilo 20 za mkaa, ukiongeza muhogo na kutoa yanayovunjika, zinakuacha na kilo 20 za matonge makavu. Hizo ni matonge 333, mafungu 37, shilingi 18,500. Matumizi nayakadiria hivi: unga wa muhogo 2,500, mkokoteni wa maranda 2,000, maji na kuni za uji 1,000, na mtu wa kukusaidia kugeuza rundo na kufinyanga 5,000. Jumla 10,500. Kinabaki 8,000, na hiyo ndiyo ujira wako wa siku ya kuchoma, nusu siku ya kufinyanga, na kugeuza vichanja wiki nzima. Ukifanya bila msaidizi ni 13,000. Badilisha bei zangu kwa za hapo, lakini usiondoe mstari wowote. Hasa usijidanganye kwamba nguvu zako ni bure. Ukichoma mara mbili kwa wiki hii ni hela ya kuongezea genge, siyo ya kuliacha.

Zile 80,000 zako usizitawanye. Mabati chakavu mawili 10,000, beleshi 12,000, debe na bomba kwa fundi 10,000, chekeche 5,000, ndoo mbili kuukuu za kuongezea ile ya nyumbani 8,000, turubai 8,000, unga wa muhogo wa kuanzia 10,000. Hapo ni 63,000. Zile 17,000 zilizobaki zikae, kwa sababu uchomaji wa kwanza utauharibu. Kila mtu huuharibu.

Mashine usikope. Mashine ya kusukuma mkaa kwa mkono inatengeneza umbo zuri na inakuharakishia, lakini haichomi maranda, haikaushi, na haiuzi. Kwako kizuizi ni kuchoma: siku nzima inakupa kilo 20, na kilo 20 mnaweza kuzifinyanga watu wawili kwa mikono ndani ya asubuhi moja. Utakuwa na mashine inayofanya kazi saa mbili kwa wiki na deni linalofanya kazi siku saba. Siku mafungu yako yatakapokuwa yanaisha kabla hujaanika mengine, kitu cha kwanza kuongeza ni debe la pili na bomba la pili, mrundike marundo mawili kwa siku ile ile, na mtu huyo huyo wa kugeuza. Baada ya hapo nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, au kwa fundi wa kuchomelea uulizie bei ya mashine. Utakapoulizia utasikia pia habari za mkaa wa STAMICO, shirika la madini la taifa, unaoitwa Rafiki. Ule ni wa makaa ya mawe, ni bidhaa nyingine. Ila mteja akisikia "mkaa mbadala" anaweza kuufikiria huo, kwa hiyo wewe sema "mkaa wa maranda".

Nimesema nitarudi kwenye karatasi. Lalamiko la kwanza la wateja wako litakuwa kwamba mkaa unachelewa kuwaka, na watauwasha kwa mifuko ya plastiki au mafuta ya taa. Hapo ndipo matonge yako ya kwanza, yale yaliyorudishwa, yanapopata kazi. Yatengeneze madogo, unene wa vidole viwili na upana wa kizibo cha chupa ya chai, kwa karatasi iliyolowekwa siku 3 na kutwangwa, kilo 1 ya karatasi kavu kwa kilo 3 za ule unga laini wa mbao ambao hatukuuchoma. Yakikauka yachovye upande mmoja kwenye mafuta machakavu ya kukaangia chipsi, uyaache yayanyonye. Mawili yanatosha kuwasha jiko, moshi wake ni wa dakika chache, na majiko mengi huwashiwa nje hata hivyo. Uza manne kwa 100, au weka mawili ndani ya kila fungu la 500 kama nyongeza. Mimi ningeanza na nyongeza.

Chagua karatasi. Maboksi na trei za mayai ni bora, nyuzi zake zinashikana vizuri. Karatasi nyeupe za mitihani zinafaa kwa kuchanganya, ila zina chokaa ndani yake na zinaacha majivu meupe mengi. Karatasi zinazong'aa za magazeti ya rangi na kalenda usitumie kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake ni udongo mweupe. Choma konzi moja ya kila aina kwenye kifuniko cha sufuria kuukuu na utaona mwenyewe.

Mvua zenu zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na miezi hiyo maranda hayakauki na mkaa wa watu wa porini unapanda bei, yaani soko linakutaka wakati huwezi kuchoma. Tumia Agosti mpaka Oktoba kuchoma zaidi ya unachouza. Weka akiba hiyo ikiwa mkaa wa unga mkavu kwenye magunia, iliyolala nje usiku mmoja kama nilivyokueleza, juu ya mbao na mbali na ukuta. Usiifinyange mapema. Unga wa mkaa hauozi hata ukikaa mwaka, ila matonge yenye muhogo yakipata unyevu wa masika yanaota ukungu mweupe na kulainika. Wakati wa mvua finyanga ya wiki moja tu kwa wakati, uyakaushe kwenye kichanja juu ya jiko unalopikia.